Thelathini na sita elfu ndani ya mstari mmoja

Haya ni maneno niliyoyasema kuhusu hesabu za zabuni kwenye kikao cha wakandarasi wadogo na vikundi vya kina mama na vijana hapa Lamu mjini. Wenzetu wa Faza na Kizingitini hawakuweza kuvuka, kusi ilikuwa kali, wakaniomba niyaandike yote. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka kinywani.

Assalaam alaykum.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema. Nawaona.

Sikuja kumfundisha mtu kujenga. Humu ndani wamo waliokuwa wakipandisha kuta za mawe ya matumbawe mimi sijazaliwa. Nimekuja kuzungumzia kuzidisha. Idadi mara reti. Halafu kujumlisha. Najua mnacheka, mnasema huyu ametutoa makazini Jumamosi kutufundisha hesabu za darasa la nne. Haya, niulize: nani humu amewahi kutoa bei ya chini kuliko wote, ikasomwa mbele za watu, na kazi asipewe? Inueni mikono. Mmoja, wawili... Ami, na wewe pia? Saba. Na katika hao saba, ni nani aliyeambiwa sababu ni hesabu? Wanne.

Basi nina watu wanne wa kuzungumza nao. Wengine sikilizeni tu.

Nitaanza na fundi mmoja ambaye sitamtaja. Aliomba kazi ya kujenga darasa kwenye kisiwa kimoja cha huku kwetu. BQ yake, ile orodha ya kazi yenye idadi na bei ya kila kipimo, ilikuwa kurasa tano na mukhtasari, si kitabu. Akaijaza kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na mstari wa zege la msingi: mita za ujazo 18. Reti aliyoweka ni shilingi 17,500. Na reti hiyo aliipiga vizuri: saruji, mchanga, kokoto, jahazi kutoka Mokowe, punda kutoka gatini mpaka kwenye kiwanja, vibarua, faida yake. Punda hawana safu yao kwenye BQ, mnajua. Lazima waingie ndani ya reti, na yeye aliwaingiza.

Kumi na nane mara elfu kumi na saba na mia tano ni ngapi? Semeni. Laki tatu na elfu kumi na tano. 315,000. Kalkuleta yake ilimwonyesha hivyo hivyo. Lakini kalamu ikaandika 351,000. Moja na tano zilibadilishana viti. Ukurasa akaujumlisha na hiyo 351,000, kwa hiyo jumla ya ukurasa ikakubaliana na mistari yake. Mukhtasari ukakubaliana na kurasa. Kodi ikapigwa sawasawa. Fomu ya zabuni ikabeba jumla ile ile. Ukiitazama kuanzia mukhtasari kurudi nyuma, BQ yote ni safi. Uchafu uko mahali pamoja tu, kwenye mstari mmoja, ukitazama kutoka kushoto kwenda kulia.

Zabuni zilipofunguliwa, bei yake ilisomwa 3,934,140. Aliyemfuata alikuwa juu ya milioni nne. Akarudi nyumbani akaanza kuulizia bei ya saruji.

Wiki kadhaa baadaye ikaja barua: zabuni yake haikukidhi masharti, kosa la hesabu. Alikuja kwangu amekasirika, na hoja yake ilikuwa hii: "Mwanangu, mimi nimejizidishia. Kosa langu ni la kwenda juu. Si wapunguze tu hizo thelathini na sita elfu, serikali ipate nafuu?" Hoja nzuri. Kwa akili ya sokoni, hata mimi ningesema wapunguze. Lakini kamati ya tathmini haiwezi kupunguza. Haina ruhusa hiyo.

Kwa nini haina? Wazee humu wanakumbuka enzi za sheria ya mwaka 2005. Wakati ule kamati ikiona kosa la hesabu iliweza kulirekebisha, ikakuandikia barua, ukakubali au ukakataa. Wengi wetu bado tunaishi na kumbukumbu hiyo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 82, ilisema kwamba jumla iliyowasilishwa na kusomwa siku ya kufungua zabuni ndiyo ya mwisho, hairekebishwi na mtu yeyote. Halafu zikaja kanuni za mwaka 2020. Kanuni ya 74 inasema kosa lolote la hesabu katika reti, idadi, jumla ndogo au jumla kuu ni mkengeuko mkubwa, na zabuni hiyo inaondolewa. Kosa lolote. Haikuandikwa kosa la zaidi ya elfu kumi, wala kosa la kumwonea serikali. Lolote.

Sasa msiniambie dunia nzima iko hivyo, kwa sababu haiko hivyo. Miradi inayofuata masharti ya Benki ya Dunia, kwa kawaida reti ndiyo inayoshika na jumla ya mstari inarekebishwa ifuate reti, isipokuwa pale inapoonekana wazi kwamba nukta ya desimali imeruka. Kwa hiyo soma hati uliyopewa, ile sehemu ya maelekezo kwa mzabuni. Lakini kazi nyingi tunazoomba hapa, madarasa, zahanati, kuta za gati, vyoo vya soko, zinafuata sheria yetu, na sheria yetu haisamehi.

Yule fundi angejuaje? Nitawapa ujanja mmoja niliofundishwa na karani wa zamani. Tafuta tofauti kati ya namba iliyo sahihi na ile uliyoandika: 351,000 toa 315,000, unabaki na 36,000. Jumlisha tarakimu zake: tatu na sita, tisa. Kila mara tarakimu mbili zinapobadilishana viti, tofauti inagawanyika kwa tisa. Na sifuri ikiruka, mathalan 31,500 ikaandikwa 3,150, tofauti ni 28,350. Jumlisha tarakimu zake, mbili, nane, tatu, tano, unapata kumi na nane, nayo inagawanyika kwa tisa. Kwa hiyo jumla zako mbili zikikataa kukutana na tofauti inagawanyika kwa tisa, usianze kutafuta mstari uliosahaulika. Tafuta kwanza tarakimu zilizogeuzana. Si dalili ya uhakika, namba moja katika kila tisa inagawanyika kwa bahati tu, lakini inakuonyesha mlango wa kubisha kwanza.

Ila huo ujanja unakufaa pale unapojua jumla zimekataa. Yeye jumla zake zilikubaliana. Kwake dawa ilikuwa moja tu: kuzidisha tena kila mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, na afanye mtu mwingine, si yule aliyezidisha mara ya kwanza.

Hapo najua vijana wanasema moyoni: huyo alitumia kalamu, sisi tunatumia Excel. Excel haigeuzi tarakimu. Kweli, haigeuzi. Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili lilinipata mimi mwenyewe, na cheti changu kikiwa kimening'inia ukutani.

Nilimpangia bei mkandarasi mmoja. Kulikuwa na mstari wa nondo, kilo 1,247. Reti ya nondo niliijenga kwenye karatasi nyingine ya Excel: bei ya duka, usafiri, waya wa kufungia, kukata na kukunja, juu yake asilimia 15. Ikatoka 168.3478. Lakini kisanduku nilikipanga kionyeshe desimali mbili, kwa hiyo kwenye karatasi iliyochapwa ilisomeka 168.35. Na jumla ya mstari ilisomeka 209,929.71.

Mwenye kalkuleta, nifanyie: 1,247 mara 168.35. Taratibu, usiharakishe. Umepata ngapi? 209,932.45. Karatasi yangu inasema 209,929.71. Tofauti ni shilingi mbili na senti sabini na nne.

Excel haikukosea. Ilizidisha namba iliyokuwa nayo tumboni, ile ndefu. Lakini aliyeko kwenye kamati haoni tumbo la Excel. Anaona karatasi. Anachukua 1,247 iliyoandikwa, anazidisha na 168.35 iliyoandikwa, anakuta haikubaliani na kilichoandikwa. Na hakuwa mstari mmoja. Karibu kila reti niliyoijenga namna ile ilikuwa na mkia wa desimali. Zabuni iliondolewa. Yule mkandarasi aliniuliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo: "Bi mkubwa, kazi ya milioni kadhaa imepotea kwa bei ya nusu andazi?"

Wapo watakaobishana kwamba shilingi mbili si kosa, ni desimali tu. Labda ukikata rufaa utasikilizwa. Mimi nasema usijenge nyumba yako juu ya huo ubishi, wakati dawa ni fupi hivi. Reti uifunge kwenye desimali mbili kabla haijazidishwa, na jumla ya mstari uifunge vilevile. Kama idadi iko safu ya D, na reti iliyojengwa iko safu ya H, basi:

```
E12: =ROUND(H12,2)
F12: =ROUND(D12*E12,2)
```

Kubadilisha muonekano wa kisanduku si kuifunga namba. Unaipaka rangi tu, ndani inabaki ile ile. Siku hizi mimi reti zangu nazifunga kwenye shilingi kamili, hakuna senti. Nondo ingekuwa 168 au 169 na ningelala usingizi.

Na kuna tatizo jingine la Excel nitalipitia haraka. Ukinakili BQ kutoka kwenye hati uliyotumiwa, namba nyingine zinaingia kama maneno, labda kwa sababu ya nafasi tupu mbele yake. Jicho linaona 46,200, lakini `SUM` inairuka kana kwamba haipo. Dalili yake: namba halisi zinaegemea kulia mwa kisanduku, hiyo imeegemea kushoto. Ukiona namba imelala upande wake peke yake, ichunguze. Na mkichapa upya BQ nzima, idadi nazo zisomeni upya moja moja kutoka kwenye hati ya mwenye kazi, pamoja na barua za mabadiliko zilizokuja baadaye. Idadi si yako. Reti ndiyo yako.

Sasa niingie kwenye jambo la tatu, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapozama. Mistari yote inaweza kuwa sahihi, kila ukurasa sahihi, na bado jumla kuu ikawa ya uongo.

Kikundi kimoja cha kina mama, na baadhi yao wako humu na wameniruhusu, walikuwa wameandaa zabuni kama ile ya darasa. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha wakaniletea niipitie. Jumla kuu kwenye mukhtasari ilikuwa 3,559,808. Kabla sijagusa chochote nikaigawa kwa 1.16, kuondoa kodi ya VAT ya asilimia 16. Nikapata 3,068,800, kamili, hakuna mkia. Vizuri, kodi imepigwa sawa. Nikatoa shilingi 185,000 za maandalizi ya kazi, na 150,000 zile za akiba alizoziweka mwenye kazi, ambazo hamruhusiwi kuzigusa hata kwa shilingi. Zikabaki 2,733,800 za ujenzi wenyewe.

Nikamwambia mwenyekiti wao anisomee jumla zilizo chini ya kila ukurasa. Akasoma: wa kwanza, msingi, 618,450. Wa pili, kuta, 742,300. Wa tatu, paa, 905,120. Wa nne, milango na madirisha, 286,700. Wa tano, plasta, sakafu na rangi, 467,930. Nikajumlisha: 3,020,500.

Tumetofautiana kwa ngapi? 286,700. Namba hiyo mmeisikia sasa hivi, sivyo? Ni ukurasa wa nne mzima. Milango na madirisha yote ya darasa yalibaki nje ya mukhtasari. Kwenye ukurasa wa makusanyo, pale jumla za kurasa zinapokusanywa, walikuwa na uk. 1, uk. 2, uk. 3, uk. 5. Kurasa mbili zilishikana zilipokuwa zikifunuliwa. Ni hivyo tu. Tukaandika upya, jumla kabla ya kodi ikawa 3,355,500, kodi 536,880, jumla kuu 3,892,380. Fomu ya zabuni ikabadilishwa, kwa tarakimu na kwa maneno, tena maneno tuliyasoma kwa sauti mara tatu, kwa sababu tarakimu na maneno yakigombana, maneno ndiyo yanayoshika.

Mtu akaniuliza usiku ule: je, kama tungeiacha, si tungekuwa wa bei ya chini zaidi, tukashinda? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Kwa kazi ya serikali mngetolewa, tumeshasema. Lakini tuseme ni kazi ya mtu binafsi, nyumba ya wageni Shela, na mmekubaliana kwamba jumla mliyotoa ndiyo itakayobaki. Mmeshinda. Hongereni. Sasa mtalipwaje?

Katika mikataba mingi ya namna hiyo hapa Kenya, kosa linasambazwa. Mpimaji anachukua pengo, 286,700, analigawa kwa thamani sahihi ya ujenzi, 3,020,500. Anapata karibu asilimia 9.49. Kisha kila malipo ya kazi ya ujenzi yanakatwa asilimia hiyo mpaka mwisho. Umejenga ukuta ambao kwa reti zako ni laki moja. Unalipwa kama elfu tisini na mia tano. Umepaua, unakatwa. Umepaka rangi, unakatwa. Faida uliyoiweka kwenye reti ni ngapi, kumi kwa mia? Basi imekwenda yote, na milango bado unadaiwa. Ukurasa ulioshikana na mwenzake unakufuata miezi sita.

Kwa hiyo mnauliza, tukague vipi? Nitawaambia tunavyofanya ofisini kwangu, ambako tuko wawili na paka.

Kwanza tunachapa. Ukaguzi tunaufanya kwenye karatasi ile ile itakayokwenda, kwa sababu kamati itaona karatasi. Aliyepanga bei anasoma, yule mwingine anashika kalkuleta na kalamu nyekundu. Msomaji anataja idadi na reti tu. Haruhusiwi kutaja jumla. Mwenye kalkuleta ndiye anayeitaja jumla aliyoipata, na msomaji anasema ndiyo au hapana. Hili dogo lina maana yake: ukimsomea mtu jibu, sikio lake linaliona jibu hilo kwenye kioo cha kalkuleta hata kama halipo. Mstari ukikubali, alama nyekundu. Mstari usio na alama haujakaguliwa, hata kama unakumbuka kuukagua.

Mistari ikimalizika, tunajumlisha ukurasa kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Halafu kurasa zinapangwa mezani moja moja, hazishikwi mkononi kama karata, na kila jumla inatiwa alama pande mbili: pale inapotoka na pale inapoingia kwenye makusanyo. Tukimaliza hapo, makusanyo yanaingia kwenye mukhtasari, kodi, kisha fomu. Mwisho tunarudi kinyumenyume, tunaanza na namba iliyo kwenye fomu, tunaigawa kwa 1.16, tunatoa pesa za akiba na maandalizi, tuone kama tutaifikia jumla ya makusanyo. BQ ya kurasa tano inachukua saa moja na nusu, na chai katikati. Palipofutwa na kuandikwa upya, mwenye zabuni anatia sahihi pembeni.

Ndiyo, mzee wangu? ... Anauliza kama mstari ulioachwa bila reti ni kosa la hesabu. Mara nyingi hati inasema mstari mtupu unahesabiwa kuwa bei yake imo ndani ya reti nyingine. Utaifanya kazi hiyo na hutalipwa. Lakini hati nyingine zinataka kila mstari uwe na reti, la sivyo unaondolewa. Isome yako. Na usiandike sifuri kwa kuona haya kuacha wazi.

Bwana Mwenyekiti, naona adhana imekaribia. Tukirudi kutoka msikitini, kila meza itapewa BQ ya lile darasa, kurasa tano na mukhtasari. Nimeweka makosa matatu ndani yake. Moja litaonekana kwa tisa, moja kwa 1.16, na la tatu sitawaambia. Kalkuleta za simu ruhusa. Vijana wa mlangoni, meza yenu ni ile ya mbele.